Mbuzi wa Watu Wawili

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri. Alikuwa mfagizi wa mashine ya kusaga nafaka iliyo nyuma ya soko, na kila jioni alirudi nyumbani na unga kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya shingo na kwenye nyufa za visigino. Watoto walipomtania kwamba ameota mvi hadi miguuni, aliwajibu kwamba hizo zinatoka kwa maji, waombe zao zitoke hivyo hivyo.

Mshahara wake wa mashineni ulikuwa wa chakula tu, haukuwa wa kufanyia jambo. Lakini mwenye mashine alimruhusu kubeba kile alichofagia, yaani pumba zilizomwagika na unga uliochanganyika na vumbi. Mwingine angezitupa. Shangazi alizipitisha kwenye chekecheo, akatoa mchanga, vipande vya kamba na misumari, akabaki na kiroba cha chakula safi cha mnyama. Kilichokosekana ni mnyama mwenyewe.

Mnyama aliletwa na kinyozi.

Duka la kinyozi lilikuwa chumba chenye kioo kirefu kilichopasuka pembeni, kiti kimoja cha kuzunguka na benchi la wanaosubiri. Miaka kadhaa iliyopita Shangazi alipita hapo na kiroba chake kichwani, kinyozi akamuuliza anapeleka wapi pumba zote hizo ilhali hana hata kuku. Akamjibu kwamba anawauzia wenye kuku kwa bei ya kutupa. Kinyozi akazima mashine yake ya kunyolea, mteja akabaki amenyolewa upande mmoja, na mpango ukaanzia pale pale.

Ulikuwa mpango rahisi, ambao haukuandikwa popote. Kinyozi alitoa pesa ya kununua mtoto wa mbuzi na ya dawa ya minyoo. Shangazi alitoa banda, pumba, majani na miguu yake. Kabla ya sikukuu mbuzi aliuzwa. Pesa ya kinyozi ilirudi kwanza mkononi mwake, nzima kama ilivyotoka, kisha kilichozidi kiligawanywa nusu kwa nusu. Mbuzi akifa, kinyozi amepoteza pesa na Shangazi amepoteza jasho, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Kwa nusu zake Shangazi alikuwa ameshatia mlango wa mbao mahali palipokuwa na pazia, akanunua godoro, akaezeka jiko.

Walinunua baada ya mavuno, wakati wafugaji wanapopunguza mifugo na watoto wa mbuzi wanakuwa rahisi. Kinyozi ndiye aliyependa kwenda mnadani, ila macho yalikuwa ya Shangazi. Hakutaka aliyenona, kwa sababu ukinunua aliyenona unalipia unono wa mwenzako. Alitafuta dume aliyeachishwa kunyonya, aliyehasiwa mapema, mwenye kifua kipana na mgongo mrefu, aliyekonda kwa njaa na si kwa ugonjwa. Namna ya kutofautisha aliifahamu vizuri. Alivuta kope ya chini ya mbuzi kwa kidole gumba akaangalia ndani. Ikiwa nyekundu, mbuzi ana njaa tu. Ikiwa nyeupe, ana minyoo inayomnywa damu, na huyo alimwacha. Kisha alitazama chini ya mkia, pawe pakavu.

"Shangazi, wewe ungechagua hata wachumba," kinyozi alimwambia siku waliyomnunua huyu wa mwaka huu.

"Nilichagua mara moja, mwanangu. Sikuangalia kope."

Mbuzi mwenyewe alikuwa wa rangi ya majivu, mwenye sikio moja lililokunjika. Mbavu zake zilionekana kama vijiti vya mwavuli. Shangazi alimpa dawa ya minyoo, akamwacha juma la kwanza ale majani tu, kisha akaanza kumpa pumba kiganja kimoja, akaongeza kidogo kidogo. Alijua kwamba mbuzi mwenye njaa ukimjazia pumba ghafla tumbo linavimba na unaweza kumkuta asubuhi amelala miguu juu. Bandani sakafu ilikuwa ya mbao zilizoinuliwa kutoka ardhini, zikiachwa nafasi ndogo ili mavi na mkojo vidondokee chini, miguu ikae mikavu. Kulikuwa na chumvi ya jiwe iliyoning'inizwa kwa kamba na ndoo ya maji iliyosuguliwa kila siku. Majani na maganda ya viazi, ya ndizi na ya kabichi aliyapata kwenye kibanda cha wanawake wanaouza chakula kando ya soko. Walimwekea kwenye beseni, naye alipita kulichukua akitoka kazini.

Mwaka huu nusu yake ilikuwa na kazi moja tu. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa mgonjwa katika mji ulio mbali, mwendo wa basi wa mchana kutwa na usiku. Walikuwa hawajaonana tangu Shangazi afiwe na mume. Mpwa wake alimpigia simu akisema mama haamki tena kitandani ila kwa kushikwa mkono, na anauliza kila siku, "Mdogo wangu anakuja lini?" Shangazi alimjibu kwamba atakuja baada ya sikukuu. Kabla ya hapo hakuwa na nauli ya kwenda wala ya kurudi.

"Mwambie anisubiri," alisema kwenye simu. "Mwambie ni mimi nimemwomba."

Ilipobaki kama miezi miwili kufika sikukuu, kinyozi alianguka dukani mwake, mashine ya kunyolea ikiwa bado inalia mkononi. Alipofikishwa hospitali alikuwa ameshaaga dunia. Alikuwa hajafika miaka arobaini. Aliacha mke, watoto wawili wadogo na lile duka la kupanga.

Watu walijaa. Turubai lilifungwa barabarani, viti vikakodiwa, na ndugu wakaanza kushuka kwenye mabasi na mizigo yao. Kaka mkubwa wa marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyeshika msiba. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye mikono yenye makovu ya cheche, na hakuna aliyemwona akikaa. Alilipia jeneza, akalipia gari, akakopa sufuria kubwa. Siku ya pili, watu walipozidi na pesa ikaisha, mtu mmoja chini ya turubai alisema kwa nia njema kabisa kwamba si marehemu ana mbuzi pale kwa Shangazi?

Shangazi alikuwa bandani alipowaona wakija, kaka mtu na wanaume wengine watatu, na nyuma yao mchinjaji wa sokoni, ambaye mtaa ulimwita Nyongeza kwa sababu hakuwahi kufunga nyama bila kurushia kipande cha ziada. Mmoja wa wanaume alikuwa na kamba.

"Shikamoo, mama," kaka mtu alisema.

"Marahaba, baba. Poleni tena."

"Tumeshapoa. Mama, nimeambiwa mbuzi wa marehemu yuko kwako. Watu ni wengi na mchana unakaribia. Tumekuja kumchukua."

Shangazi aliweka chini ndoo ya maji. "Yuko. Ila si wa marehemu peke yake."

"Nani alimnunua?"

"Yeye."

"Basi."

"Alinunua mifupa, baba. Hii nyama unayoiona tumeiweka wawili."

Mmoja wa wanaume alicheka kidogo akajizuia. Kaka mtu hakucheka. Aliuliza wawili kivipi, na Shangazi akamweleza mpango wote tangu mwanzo, pesa ya kununulia inavyorudi kwanza na kilichozidi kinavyogawanywa. Kaka mtu alimgeukia mchinjaji.

"Wewe unajua wanyama. Ni kweli?"

"Mpango wao naujua, kila mwaka wanauza hivyo," Nyongeza alijibu. Aliingia bandani, akaweka kiganja juu ya mgongo wa mbuzi, nyuma ya mbavu ya mwisho, akabonyeza, kisha akashika kidari kati ya miguu ya mbele. "Anakuja vizuri. Ila bado. Leo hii mimi ningemnunua kwa bei ya bucha, na kwa bei ya bucha inarudi pesa ya kumnunulia na ya dawa, ikizidi ni ya kununulia sabuni. Huyu faida yake iko kwenye hii miezi miwili, atakapojaa mgongo, na watu wanaotaka mbuzi wao mzima nyumbani watakapokuja kumgombania."

"Sawa," kaka mtu alisema. "Basi akichinjwa leo Shangazi hapotezi kitu. Faida haipo."

"Na jasho?" Shangazi aliuliza.

"Mama, hapa ni msibani. Msibani hatutafuti faida."

Watu walikuwa wameshaongezeka nje ya ua, wanawake wa kibanda cha chakula wakiwemo, na wengi waliitikia kwa kichwa. Lilikuwa neno zuri, lililosemwa kwa upole na mtu ambaye alikuwa hajalala. Shangazi alitazama chini. Alimpenda kinyozi. Alikuwa amelia hadi sauti ikakauka, na usiku wa kwanza alikuwa amekaa na mjane hadi asubuhi. Hapo angeweza kufungua mlango wa banda na kila mtu akamsifu.

"Mimi natafuta," alisema.

Mtu fulani nje ya ua akasema, "Mh," kwa sauti ya puani, na ile mh ilisikika kuliko hotuba.

Kaka mtu alimtazama kwa muda. Kisha akachukua kamba kwa yule mwenzake, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. "Siwezi kuvunja banda la mama mtu mzima kwa ajili ya mchuzi," alisema. "Wapike maharage."

Na maharage yakapikwa. Ndugu waliotoka mbali walikula maharage, na kila aliyepokea sahani alielezwa sababu.

Kuanzia hapo neno lile la Shangazi likawa mzaha wa mtaa. Akipita sokoni, mtu aliyepoteza sarafu akiinama kuitafuta, mwenzake alimuuliza kwa sauti, "Na wewe unatafuta?" Vicheko vikafuata. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemnyima salamu. Lakini siku alipokwenda kibandani kuchukua beseni la maganda alilikuta tupu na limeoshwa.

"Leo hakuna?" aliuliza.

"Maganda tunampa mwenye nguruwe siku hizi," mwanamke mkubwa wa kibanda alijibu huku anakoroga chungu. "Si unajua, Shangazi, na sisi tunatafuta."

Aliondoka. Ilikuwa miezi miwili ya mwisho, na katika ufugaji wa aina hii ndiyo miezi yenyewe. Mbuzi akila vizuri wakati huo, mgongo unajaa na shingo inanenepa. Akipungukiwa, kazi yote ya nyuma inageuka kuwa ya kumweka hai tu. Pumba alikuwa nazo, na jioni moja alisimama mbele ya banda na kiroba kizima, mkono ukimwasha kuongeza. Hakuongeza. Mbuzi anayekula pumba bila majani ya kutosha tumbo lake halifanyi kazi, na ile shibe inaweza kuwa ndiyo ya mwisho.

Akaanza kufuata majani mbali. Aliamka kabla hapajakucha, akashuka hadi kwenye bonde la mfereji nje ya mji, akakata kwa mundu, akafunga mzigo, akapanda nao. Majani ya alfajiri yana umande, na ya umande humvimbisha mnyama, kwa hiyo aliyatandaza juu ya paa la jiko yanyauke kwanza, kisha akakimbilia mashineni kufagia. Kiuno kilimuuma hadi akawa anafagia amepiga goti moja. Mwenye mashine akamuuliza kama ameanza kusali kazini.

"Naomba mfagio uwe mrefu," alijibu.

Mbuzi aliendelea kunenepa, ila si kwa kasi ya miaka mingine. Kila Jumapili Shangazi alibonyeza mgongo wake kwa vidole na kila Jumapili mfupa wa katikati bado ulijitokeza. Mpwa wake alipiga simu tena. Mama amepungua, alisema. Haulizi tena lini, anauliza tu kama basi limefika.

Jioni moja mjane wa kinyozi aliingia uani. Hakuwa ametoka nyumbani kwake tangu mazishi isipokuwa kuchota maji. Alibeba sufuria ndogo yenye maganda ya viazi, maganda ya mlo mmoja wa mama na watoto wawili. Aliyamwaga kwenye hori, akasimama kumtazama mbuzi akitafuna.

"Karibu ukae, mwanangu," Shangazi alisema.

"Sikai. Nimeacha watoto." Lakini hakuondoka. "Shemeji amepiga simu. Anasema mbuzi akiuzwa pesa ya mdogo wake apelekewe yeye, amalizie gharama za msiba."

"Pesa ilitoka mkononi mwa nani?"

"Mwa mume wangu."

"Basi inarudi nyumbani kwa mumeo. Mimi nyumbani kwa shemeji yako sipajui."

Mjane aligusa sikio lililokunjika la mbuzi. "Watu wengine wanasema ulifanya vile kunitetea mimi na watoto. Kwamba wangemchinja, sisi tungebaki bila kitu."

Lingekuwa jibu la kumsafisha Shangazi, na lilikuwa limeletwa hadi mlangoni kwake, kazi ilikuwa kulipokea tu.

"Nisikudanganye," alisema. "Siku ile sikukuwaza. Nilimwaza dada yangu. Wewe nilikukumbuka kesho yake, nikiwa nakata majani."

"Nilijua." Mjane alichukua sufuria yake. "Nilikasirika sana, Shangazi. Mume wangu alikuwa na mbuzi, akazikwa kwa maharage."

"Bado umekasirika?"

"Kidogo."

"Haya."

"Kesho nitaleta tena maganda," mjane alisema, akatoka.

Alileta, na keshokutwa yake pia. Baadaye alianza kupita kwa majirani zake mwenyewe kuwaomba maganda, na kwa kuwa hakuna anayeweza kumnyima mjane kitu kama hicho, beseni likaanza kujaa tena. Wanawake wa kibanda hawakurudisha neno lao, ila siku moja mwanamke mkubwa alimkabidhi mjane mfuko wa majani ya kabichi na kusema hataki kujua unakwenda wapi. Katika majuma yaliyobaki mfupa wa mgongo ulianza kuzama.

Siku ya kuuza walikwenda wote wawili. Shangazi hakuwa mtu wa kungoja siku ya mwisho. Siku hiyo wenye pesa wameshanunua, waliobaki ni wale wanaosubiri ushikwe na hofu ya kurudi na mnyama nyumbani. Alikwenda mapema kidogo, wakati watu wanaanza kuona wenzao wakipita na mbuzi na kuogopa kukosa.

Lakini asubuhi ile lori lilikuwa limefika kutoka mashambani. Liliteremsha mbuzi wengi kiasi kwamba uwanja ulibadilika rangi, na wenye lori walianza kuuza kwa haraka ili warudi kuchukua wengine. Bei zikaporomoka. Hadi jua linapanda, watu watatu walikuwa wamemtazama yule wa rangi ya majivu, wakauliza, wakacheka, wakaenda upande wa lori.

"Tuwauzie tu kama wale," mjane alinong'ona. "Tusije tukarudi naye."

"Watazame wale vizuri, mwanangu. Wamesimama garini tangu jana, matumbo yameingia ndani, hata kulia hawalii. Leo wanauzwa kwa wingi wao. Mtu mwenye macho atakuja."

"Na asipokuja?"

"Tutauza kama wale."

Aliyekuja alikuwa dereva wa teksi akiwa na mama yake mzazi, mwanamke mfupi aliyetembea uwanjani kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Dereva aliuliza bei, akasikia, akamshika mama mkono.

"Twende, mama. Pale kwenye lori wanatoa karibu wawili kwa bei hiyo."

"Wawili wa ngozi," mama alisema. Akaweka kiganja nyuma ya mbavu ya mwisho, mahali pale pale alipoweka Nyongeza, akabonyeza. "Huyu kala pumba."

"Pumba na majani, dada," Shangazi alijibu. "Na dawa ya minyoo tangu mwanzo. Mtazame kope."

Mama mtu alivuta kope. "Mgongo ungeweza kujaa zaidi."

"Ungeweza. Tulipata msiba katikati."

Mama mtu aliwatazama wote wawili, akaona kitambaa cheusi cha mjane. Hakuuliza. Ila hakuacha kupatana, kwa sababu msiba wa mtu mwingine hauongezi nyama, na Shangazi hakutegemea iongezwe. Waliteta kwa muda mrefu. Mara mbili dereva alimwambia mama yake gari limeegeshwa pabaya, na mara mbili mama alimwambia akalisogeze. Mwishowe walikutana mahali palipokuwa chini ya bei ya mwaka uliopita na juu sana ya bei ya lori. Shangazi alishikilia kamba mpaka pesa yote ilipokuwa mkononi, kisha akaiachia.

Nyuma ya kibanda cha maji walikaa juu ya jiwe. Shangazi alitenga kwanza pesa ya kununulia na ya dawa, akaiweka kwenye mapaja ya mjane. Kilichobaki, ambacho kilikuwa kidogo kuliko ile waliyoitenga, alikigawa mafungu mawili, akamwambia mjane achague.

"Yako sawa," mjane alisema.

"Chagua tu. Mumeo alikuwa anachagua."

Mjane alichukua fungu la kushoto, akavifunga vyote pamoja kwenye pindo la nguo. Alikaa akiwa ameshika fundo lile. "Shemeji nitampelekea kidogo," alisema. "Ya jeneza. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Hiyo ni ya kwako, utajua."

Baada ya muda mjane aliuliza, "Sikukuu ikipita, hawa wadogo bei inashuka?"

"Inashuka kidogo, na baada ya mavuno inashuka tena."

"Basi huko unakokwenda usikae sana."

Nusu ya Shangazi ilitosha nauli ya kwenda na ya kurudi, na ikabaki pesa ya sukari na sabuni za kumbebea mgonjwa. Hakusubiri sikukuu. Alimwomba mwenye mashine ruhusa, akapanda basi jioni ile ile, akakaa dirishani mchana wa kesho yake wote huku mafundo ya kiuno yakimkumbusha kila shimo la barabara.

Dada yake alikuwa amelazwa chumba cha uani, dirisha wazi, mto mgongoni. Mwili ulikuwa umekwisha, umebaki uso na macho. Alimtambua mdogo wake kabla hajavuka kizingiti, akanyoosha mkono, na Shangazi akapiga magoti pale sakafuni akaweka paji la uso juu ya mkono ule. Mpwa alileta chai akaondoka.

"Nauli umeitoa wapi?" dada aliuliza hatimaye. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuuliza pesa imetoka wapi.

Shangazi alimweleza. Alimweleza kinyozi na kiti chake cha kuzunguka, mbuzi wa sikio lililokunjika, turubai, kaka mtu na kamba yake. Alimweleza neno alilolisema mbele ya watu wote, na maharage. Hakulipunguza. Dada alisikiliza akiwa amefumba macho, na Shangazi akadhani amelala.

"Mimi ningewapa," dada alisema.

"Najua."

"Mtu wako amekufa, watu wako wana njaa. Ningewapa."

"Najua, dada."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Dada alifumbua macho, akamtazama mdogo wake aliyekaa sakafuni na vumbi la safari kwenye nyusi, akamshika kidevu kama alivyokuwa akimshika zamani alipotaka kumnawisha uso.

"Na mimi ningekufa nikiulizia basi," alisema. "Sogea hapa juu, sakafu ina baridi."

Shangazi alipanda kitandani, akalala ubavuni mwake.